Afande Mbele, Karao Nyuma

"Kanjo!"

Neno linatoka kona moja ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, mara moja tu, na soko zima linahama. Tandiko la mchuuzi lina kamba kwenye pembe zote nne. Akizivuta kwa pamoja, soksi, chaja na miwani vinajikusanya kuwa furushi, furushi linapanda begani, na mwenyewe ameshaingia kichochoroni. Mwenye meza ya mbao hana bahati hiyo. Ndiyo maana kwenye barabara zile wanaouza chini ni wengi kuliko wanaouza mezani.

Kanjo ni askari wa jiji. Jina limetokana na kaunsili, yaani Baraza la Jiji, ambalo lilimaliza siku zake mwaka 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi. Baraza halipo tena, lakini kanjo wapo, na hakuna mchuuzi anayepiga kelele "Askari wa Serikali ya Kaunti!" Akimaliza kulitamka hilo, mzigo umeshapakiwa kwenye gari.

Kwa wiki kadhaa neno hili limenikaa kichwani, kwa sababu ukilipasua huoni tusi ndani yake. Ni jina la ofisi lililokatwa likawa fupi. Mbona basi likitamkwa watu wanakimbia?

## Tusi si kipimo

Wengi tukizungumzia majina ya mitaani ya polisi, tunakwenda moja kwa moja kwenye maana. Fulani wanawaita nguruwe, fulani wanawaita takataka, kwa hiyo hawawapendi. Njia hiyo ni rahisi na inapotosha mara nyingi.

Kwanza, asili ya majina haya huchafuliwa na hadithi za baadaye. Waingereza wana "kopa", na utaambiwa kwa uhakika kabisa kwamba ni kwa ajili ya vifungo vya shaba vya sare, au kwamba kifupi chake, "kop", ni herufi za mwanzo za maneno fulani ya kazi ya doria. Watunga kamusi wanalirudisha kwenye kitenzi cha zamani chenye maana ya kukamata. Kopa ni mkamataji, basi. Hadithi ya vifungo ilizaliwa baada ya jina, ili jina lipate sababu ya kuvutia. Karao wa Nairobi naye ana hadithi za namna hiyo, kila kijiwe na yake. Ukikutana na maelezo matamu mno ya asili ya neno la mtaani, hasa yale ya kwamba kila herufi inasimama badala ya neno, yaweke pembeni kwanza.

Pili, sarufi yetu wenyewe inaweza kutudanganya. Mtu anasikia "makarao" na "makanjo" akasema: tazama, wametolewa kwenye ngeli ya watu, wamepewa *ma-* ya mazimwi na majitu. Lakini tunasema pia "maafande", "madaktari" na "mapadri", na hakuna anayetukanwa hapo. Maneno ya kuja huchukua *ma-* kwa wingi bila nia mbaya.

Kinachosema kweli ni matumizi. Muulize mtu maswali mawili tu kuhusu jina: je, unaweza kumwita nalo mwenyewe usoni? Na je, mwenyewe akishalijua, mnalibadilisha?

## Dirishani

Jaribu swali la kwanza barabarani. Gari limesimamishwa. Ndani ya gari, kabla kioo hakijashuka, anayekuja ni karao kama mko Nairobi, njagu kama mko Dar. Kioo kikishuka, aliyefika ni afande. Nukta chache tu, mtu yuleyule, majina mawili. Dereva hajaamua kumheshimu ghafla. "Afande" ni la kusemea naye, yale mengine ni ya kumsema.

Hakuna mtu anayeomba msamaha kwa kusema "Njagu, naomba nisamehe." Neno halikuumbwa kwa kazi hiyo. Halina njia ya kuitikiwa.

Na hilo "afande" lenyewe lina safari yake. Ni cheo cha Kituruki, efendi, maana yake bwana, kilichotumika katika majeshi ya Misri. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipoletwa na Wajerumani kuzima upinzani wa Abushiri pwani, alikuja na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri, na cheo kikaja nao. Kwa hiyo hata neno letu la adabu kwa askari lilishuka melini pamoja na bunduki. Watu walilipokea kwa sababu mwenye bunduki lazima umwite kitu, na kitu hicho kiwe kile anachopenda yeye kuitwa.

Swali la pili linapima kasi. Sheng haina jina moja la polisi, ina rundo, na jipya huongezwa kila kizazi. Karao sasa linajulikana na kila askari, magazeti ya udaku yanaliandika, bibi kijijini analielewa. Makali yake kama jina la siri yamekwisha, ndiyo maana wapo waliohamia sanse, na wengine wakahama hapo pia. Jina lililoacha kuwa siri huwa la utani, na utani ni daraja jingine la uhusiano kabisa. Kwa hiyo ukiona mtaa mmoja una majina matano ya polisi na mawili kati yake huyajui, usianze kuuliza maana. Uliza tu kwa nini haya mawili yalihitajika.

## Mtu mmoja, majina mawili

Hapa ndipo mfano wa Uingereza na Ayalandi unaponisaidia kuliko mwingine wowote, kwa sababu majina mawili yametoka kwa mtu mmoja.

Robert Peel alikuwa msimamizi mkuu wa utawala wa Kiingereza Ayalandi, na mwaka 1814 alianzisha huko kikosi cha kulinda amani. Miaka 15 baadaye, 1829, akiwa waziri wa mambo ya ndani, alianzisha polisi wa jiji la London. Watu wa Ayalandi waliwaita askari wale kwa jina lake la ukoo: mapila. London nako pila lilitumika, lakini baadaye likashindwa na jina jingine lililotokana na jina lake la kwanza. Robert kwa kifupi ni Bobi, basi askari akawa bobi.

Bobi ni jina la mtoto wa jirani. Pila ni jina la bwana mkubwa.

Usidhani London walipenda polisi tangu siku ya kwanza. Waliwaita mashetani ya buluu. Mei 1833, katika mkutano wa hadhara uliovunjwa na polisi kwenye uwanja wa Coldbath Fields, konstebo Robert Culley alichomwa kisu akafa, na jopo la raia lililochunguza kifo chake likatoa uamuzi kwamba kuuawa kwake kulikuwa na haki. Wajumbe wa jopo hilo walishangiliwa mitaani. Hao ndio watu ambao wajukuu zao walisema "bobi" kwa tabasamu.

Kilichobadilika si hotuba. Askari wa London alivaa koti la buluu, makusudi, ili asifanane na jeshi lenye koti jekundu. Hakubeba bunduki katika doria ya kawaida. Kwenye kola alikuwa na herufi ya kituo na namba yake, kwa hiyo aliyepigwa kibao aliweza kusema ni nani aliyempiga. Na alitembea njia ileile kila siku mpaka muuza mkate akamjua.

Ayalandi mambo yalikwenda vingine. Jeshi la polisi lililokuja kuitwa la Kifalme lilikuwa na silaha, lilikaa kambini, na askari hakupangiwa wilaya ya kwao wala ya mke wake, ili asilainishwe na undugu. Lilivunjwa mwaka 1922. Kaskazini mwa kisiwa polisi wamebadilishiwa jina rasmi tangu hapo, mara ya mwisho mwaka 2001, tena kwa mageuzi makubwa ya ajira na nembo. Nenda Belfast leo, utasikia bado "pila".

Kwa msomaji wa Kenya na Tanzania hii si habari ya mbali. Waingereza walipounda polisi wa makoloni, mfano walioufuata zaidi ulikuwa ule wa Ayalandi: silaha, kambi, na askari wa kutoka mbali. Polisi lines za Kenya na kota za polisi za Tanzania ni masalia ya fikra hiyo. Kenya imebadilisha jina la chombo chenyewe kwa katiba ya 2010, likatoka kwenye jeshi likawa huduma, na mwaka 2018 ikaanza kuwaruhusu askari kupanga nyumba mitaani. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo lenye uwezo wa kugusa majina. Askari anayechota maji kwenye bomba moja na wewe hatimaye ataitwa kama tunavyoita majirani wote, kwa jina la mtoto wake: Baba Brayani, Mama Zawadi. Hiyo ndiyo bobi yetu, ila haijafika kazini. Inaishia getini.

## Nguo ya heshima

Kuna jina moja la kikoloni ambalo tumelizoea mpaka hatulioni: askari kanzu.

Mpelelezi aliyetaka kupotea katikati ya watu wa pwani alivua kaptula ya kaki akavaa walichovaa wengine. Kanzu ndiyo iliyokuwa nguo ya raia, nguo ya msikitini, ya harusini, ya kumpokea mgeni. Jina linasema waziwazi kilichowaudhi watu. Hakuna "mpelelezi" ndani yake. Wanaomwita hivyo wanatuambia kwamba yule ni askari, na kwamba kanzu ile si yake.

London ililipata donda hilohilo mapema. Mwaka huohuo wa 1833, sajenti aliyeitwa Popay aligunduliwa kuwa alijiingiza kwenye chama cha siasa cha watu wa kawaida akijifanya mchoraji masikini. Bunge likaunda kamati, sajenti akafukuzwa kazi, na idara ya kudumu ya wapelelezi haikuundwa mpaka 1842, tena ikiwa na watu wachache sana. Kosa lake halikuwa kumpiga mtu. Alikula na watu akiwa si mwenzao.

Siku hizi askari kanzu wanavaa jinzi na fulana, na neno limeingia kwenye kamusi na taarifa za habari bila kuona haya. Lakini kanzu imebaki ndani ya jina, ushahidi wa ni nani waliokuwa wakichunguzwa lilipobuniwa.

Polisi wa kutuliza ghasia wa Tanzania nao wamepata jina kwa njia tofauti. Herufi za kikosi, FFU, zinatokana na Kiingereza, na wananchi walizijazia Kiswahili chao: Fanya Fujo Uone. Ninalipenda jina hili kwa ufundi wake. Ni sentensi nzima, na msemaji wake ni polisi mwenyewe, kawekewa maneno mdomoni. Nigeria polisi wao wa namna hiyo wanaitwa, kwa Kiingereza cha mitaani, jina lenye maana ya Ua-Uende. Linganisha. La Tanzania lina sharti ndani yake, usipofanya fujo huoni kitu. La Nigeria halina sharti. Anaua, anaondoka, na hakuna anayeulizwa. Nafasi kati ya majina hayo mawili ni kubwa kuliko ile kati ya tusi na sifa.

## Jina lisilo na tusi hata kidogo

Nilipofika hapa nilidhani nina picha kamili. Kisha wazimamoto wakaivuruga.

Katika miaka ya ukoloni, kuanzia mijini kama Kampala na Nairobi mpaka vijijini magharibi mwa Kenya, watu waliamini kwamba wazimamoto huwakamata Waafrika usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo kwa wazee, na zina maelezo ya kina ya kushangaza: magari mekundu, mashimo, ndoo, mipira, watu waliofungwa midomo, na mara nyingi polisi wanaohusika katika ukamataji. Pwani na Dar es Salaam jina lilikuwa mumiani, neno ambalo kwanza lilikuwa la dawa nyeusi kama lami iliyouzwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliitwa banyama, jina lililotumika pia kwa askari wa wanyamapori.

Haya hayakuwa mazungumzo ya kutishia watoto tu. Mwaka 1959 uvumi wa mumiani ulizua fujo Buguruni, Dar es Salaam, na askari polisi akauawa.

Sasa tazama neno lenyewe. Wazimamoto. Wanaozima moto. Ni jina rasmi, safi, la kazi njema. Halijakatwa, halijageuzwa, halina mzaha. Na ndilo lililobeba hofu nzito kuliko karao na njagu wakiwekwa pamoja.

Kwa nini wao? Jipe nafasi ya mkazi wa mtaa wa Waafrika mjini wakati ule. Kuna watu wamelipwa na serikali, wana sare, wana gari jekundu la gharama, wana mipira na mashine za kuvuta, na wanakaa tayari usiku kucha. Kwako nyumba za makuti zikiwaka ni nadra uwaone, kwani kazi yao hasa ni kulinda majengo ya wenye mali. Wanajifunza kazi yao kwa mazoezi ambayo hakuna aliyekueleza maana yake. Basi unabaki na swali la haki kabisa: hawa wanalipwa kufanya nini? Mipira ile inavuta nini?

Jibu la damu halikuwa la kweli. Swali lilikuwa sahihi.

Hapo ndipo hesabu yangu ya mwanzo ilipogeuka. Majina ya mitaani kama kanjo na karao yanatoka kwa watu wanaoijua mamlaka vizuri: wanajua inakuja saa ngapi, inataka nini, inachukua kiasi gani kukuachia. Hawaiamini, lakini wanaisoma. Mchuuzi mwenye kamba nne kwenye tandiko ni msomaji hodari wa kanjo. Zimwi linazaliwa mahali pengine, pale ambapo mamlaka ina nguvu juu yako na huwezi kuisoma kabisa.

Na jina linaweza kurudi. Zimamoto leo hawanyonyi damu ya mtu yeyote. Malalamiko yao ni kwamba wamechelewa, au wamefika bila maji. Ni mzaha mkali, lakini ni mzaha wa watu wanaojua gari lile ni la kazi gani.

## Wasiojulikana

Zanzibar imepitia njia hii kwa upande wa pili. Kwenye uchaguzi wa 2005 wananchi waliwaita vijana wenye silaha waliokuwa wakipita mitaani "janjawidi", jina la wanamgambo lililotoka kwenye habari za Darfur, Sudan. Uchaguzi wa 2015 na marudio yake 2016, waliozunguka wamefunika nyuso wakaitwa "mazombi". Hakuna anayehitaji kufafanuliwa kwa nini zombi. Uso umefichwa, sare haieleweki, namba haipo. Kila kitu ambacho kola ya London ilikiweka wazi mwaka 1829 kimeondolewa, na jina likaenda kutafutwa kwenye filamu za kutisha.

Uganda, kuelekea na baada ya uchaguzi wa Januari 2021, wafuasi wa upinzani walichukuliwa na watu waliokuja kwenye Haisi zisizo na namba. Magari hayo yakaitwa droni. Jina limekwenda kwa gari kwa sababu gari ndilo pekee ambalo mashahidi waliliona vizuri. Anayeshuka kwenye mlango wa kuburuza hajatajwa.

Tanzania Bara ilifika mbali zaidi, kwa sababu haikubuni neno lolote. "Watu wasiojulikana" ni lugha ya taarifa ya polisi, ya miaka mingi: nyumba imevunjwa na watu wasiojulikana, mwili umetupwa na watu wasiojulikana. Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, waliofanya hivyo walielezwa kwa maneno hayohayo, na wananchi wakayachukua maneno kama yalivyo wakayafanya jina. Jina si ushahidi kwamba fulani amefanya, na halimtaji mtu wala chombo. Ila linakwambia taarifa rasmi inasomwaje na wanaoisikia.

Ukitaka kujua kama mtu anatumia kirai cha kawaida au jina, sikiliza sarufi. Anayeripoti wizi anasema "watu wasiojulikana", na nomino ipo. Anayelitumia kama jina ameiacha nomino: "Angalia usije ukachukuliwa na wasiojulikana." Kivumishi kimesimama peke yake, kimekuwa kundi, na msikilizaji haulizi ni watu gani.